Nakuja na Keuf Wawili

Nilikuwa na miezi minne tu Paris, nikiosha vyombo kwenye mgahawa mmoja, na Kifaransa changu kilikuwa cha kitabuni: safi, kimepigwa pasi, na hakimsaidii mtu. Jikoni hakuna aliyekiongea. Mpishi niliyekuwa nafanya naye zamu, kijana aliyezaliwa Saint-Denis kwa wazazi wa Algeria, alikuwa akisema maneno ambayo kamusi yangu haikuwa nayo. Siku moja nikamuuliza meuf ni nini na keuf ni nini. Akanijibu huku anapindua nyama kwenye kikaango: moja ni mwanamke, nyingine ni polisi, ni verlan tu, tunageuza. Kisha akaenda zake na sahani.

Aliposema "tunageuza" mimi nikajiona nimefika. Sisi wa Unguja tumecheza kinyume utotoni. Silabi ya mwisho unaitanguliza mbele, basi: kesho inakuwa shoke, mjomba anakuwa mbamjo, na mama akiwa karibu haelewi nani kaiba maandazi. Nikasema moyoni, Wafaransa wamekuja kunifundisha mimi hili?

Tatizo ni kwamba nilijaribu kuligeuza meuf lirudi kwao, halikurudi. Silabi moja, utaipeleka wapi? Basi nikatafuta njia ya kukumbuka lipi ni lipi, na njia ikajileta yenyewe. Fomu zote za hospitali na shule nilizojaza maishani zina mahali pa jinsi: Me au Ke. Keuf inaanza na ke, basi huyo ni mwanamke. Meuf inaanza na me, basi huyo ni mwanaume, askari. Nikafurahi hata nikaacha kusugua sufuria.

Na dunia ilivyo na hila, wiki ileile wakapita nje ya dirisha askari wawili, wote wanawake. Mpishi akanong'ona, "Keufs." Nikatikisa kichwa kama mtaalamu. Naam, wanawake, nimewaona.

Sasa Jumamosi moja akanialika kwake kwenye teuf. Hilo nilikuwa nalijua, ni sherehe. Nikamuuliza kama naweza kuja na watu, akasema njoo na umtakaye. Mke wangu akapika pilau ya kulisha mtaa, dada yake alikuwa ametutembelea naye akavaa, tukapanda metro ya laini ya 13 mpaka Saint-Denis, sufuria imefungwa kwa kanga mapajani mwangu. Njiani nikaona ungwana ni kumwarifu mwenyeji kwamba naja na wanawake wawili, nikaandika kwa lugha ya nyumbani kwake:

`J'arrive à la teuf avec deux keufs.`

Hakujibu. Tulipofika chini ya jengo nikaongeza kwamba tuko chini, afungue mlango:

`On est en bas. Ouvre la porte !`

Juu, ghorofa ya saba, muziki ukakatika. Taa moja ikazimika, ya pili ikafuata. Shemeji akauliza, "Shemeji, hawa watu wanalala saa nne?" Mara mlango wa chini ukafunguka, lakini si kwa ajili yetu: vijana kama kumi na wawili wakatoka kwa mwendo wa mtu asiyekimbia lakini hataki kukutwa. Mmoja alishika viatu mkononi. Mwingine alimtazama mke wangu, akaitazama sufuria, akasema "bonsoir, madame" kwa adabu kubwa, akapotelea nyuma ya magari. Jirani, nilikuja kuelewa baadaye, alikwisha kulalamikia kelele mara mbili, na wengine walikuwa na sababu zao binafsi ambazo hakuna aliyezitaja na mimi sikuuliza.

Lifti ilikuwa mbovu. Tukapanda ghorofa saba na pilau. Mlangoni mwenyeji wangu amesimama peke yake, kavaa shati lililofungwa mpaka kifungo cha juu, anachungulia nyuma ya mabega yangu.

"Wako wapi?"

"Hawa hapa," nikasema, nikawaonyesha kwa fahari mke wangu na dada yake.

Akakaa kimya. Halafu akateleza na ukuta mpaka chini, akacheka hadi nikaogopa. Kumbe alidhani nimekamatwa, na kwamba ule ujumbe ni hila yangu ya kuwaonya wao, huku askari wamenishika mkono.

Wageni waliporudi mmojammoja, akachukua kifuniko cha boksi la piza na kalamu, akanifundisha upya mbele ya watu. Mwanamke ni femme, lakini verlan haisomi herufi, inasikiliza: linatamkwa "fam". Kweli ni silabi moja, ndiyo maana haigeuki. Kwa hiyo kwanza unaifungua, unaipachika mkia wa "eu", ile sauti ambayo sisi hatuna, unatega midomo kama wa kupiga mluzi kisha unasema "e". Unapata fa-meu. Sasa silabi ni mbili, geuza: meu-fa. Halafu kata irabu ya mwisho. Meuf. Na polisi ni flic: fli-keu, ukigeuza keu-fli, ukikata kila kinachofuata ile "f" inabaki keuf.

Hapo ndipo nilipoelewa nilikoanguka. Kinyume chetu hakikati kitu. Maneno yetu yanaishia na irabu, yanageuka na viungo vyake vyote, mbamjo ukimgeuza tena mjomba yupo mzima. Verlan inachinja mkia, na kwenye ule mkia ndiko neno la asili lilikokuwa likitambulika. Ndiyo maana fête imekuwa teuf na frère, kaka, amekuwa reuf, na mgeni anabaki na maneno manne yanayotofautiana herufi moja tu mbele. Hata jina verlan ni l'envers, yaani kinyume, lililogeuzwa: vers, l'en.

Nikajitetea. Nikaeleza habari ya Me na Ke. Akaniuliza, "Unajua mwanaume tunamwitaje?" Mwanaume mtaani ni mec. Akaandika: mè-keu, keu-mè, keum. Yaani mwanaume ndiye aliyeanza na ke, na mwanamke ndiye aliyeanza na me. Ingekuwa niliapa kukosea nisingeweza kukosea hivi.

Yeye mwenyewe, akasema, amegeuzwa mara mbili. Arabe iligeuka ikawa beur. Miaka ya themanini neno hilo likashikwa na magazeti na wanasiasa, vijana wakaliona limechakaa, wakaligeuza tena likawa rebeu. Na meuf nayo ina mtoto, feumeu. Nikamwomba asiendelee, kichwa kimejaa.

Pilau iliisha yote. Jirani hakupiga simu. Shemeji alimpelekea sahani.

Tukarudi na metro ya mwisho. Mke wangu hakusema neno vituo vinne vizima, sufuria tupu iko miguuni. Kituo cha tano akanigeukia, na kwa kuwa behewani alikuwemo mama mmoja wa Kikomoro ambaye angeweza kutuelewa, akalisema kwa kinyume cha kwetu, silabi zote zipo, hakukata hata moja:

"Wewe ni vumpumba."