Mkaa wa kila siku, mtungi wa gesi na uniti 28 za elfu kumi

"Tuko watano, tunakaa Mbagala. Mkaa tunanunua kopo la 2,000 kila siku, Jumapili makopo mawili. Gesi ya kilo 6 ni 24,000, ya chai na kupashia, inakaa mwezi. LUKU nikiweka elfu kumi napata uniti 28. Jirani ana presha kuka ya umeme, anasema mkaa ndio ghali. Mimi najua umeme unakula hela. Nani yuko sahihi?"

Jirani yuko sahihi, ila si kwa kila chungu. Tuanze na hesabu uliyoitaja mwenyewe. Siku 30 zenye Jumapili 4 ni makopo 34, yaani 68,000. Weka gesi 24,000, jikoni panatoka 92,000 kwa mwezi. Ukiulizwa ghafla ungesema gesi ndiyo inayouma, kwa sababu 24,000 inatoka mara moja, na 2,000 inatoka pamoja na nyanya na kitunguu. Mkaa umekula karibu mara tatu ya mtungi.

Hizo uniti 28 zinaonyesha uko kwenye daraja la T1, la bei ya kawaida ya umeme wa nyumbani. Uniti moja ni shilingi 292, ikiongezwa VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1 inafika kama 356. Usipige hesabu kwa ununuzi wa kwanza wa mwezi, maana hapo kodi ya jengo ya 1,500 inakatwa kwanza na uniti zinaonekana chache. Watu wengi wamelaumu jiko la umeme kwa sababu ya makato hayo.

Sasa tazama chungu cha maharage nusu kilo, kwa sababu hapo ndipo pesa ilipo. Kwenye jiko la mkaa, maharage yanakaa motoni saa mbili au zaidi. Moto mwingi unapita pembeni ya sufuria, mvuke unatoka muda wote na maji unaongeza. Kwa jiko la kawaida la bati, kinachoingia chunguni ni kama robo tu ya joto la mkaa, mara nyingi hata chini ya hapo. Na maharage yakiiva, makaa yanayobaki yanaendelea kuungua bure mpaka yazimike, isipokuwa kama kuna kitu cha kupika juu yake.

Presha kuka ya wati 1,000 inafanya kazi tofauti. Inavuta umeme mfululizo kwa dakika 15 hadi 20 mpaka presha ijae, kama uniti 0.3. Baada ya hapo inajikata yenyewe na kuwaka kidogo kidogo kwa dakika 40, maana chungu kimefungwa na kina ukuta wa kuhifadhi joto. Ukiunga maharage humo humo kwa dakika kumi, jumla inafika kama uniti 0.55. Zidisha kwa 356 upate shilingi 196. Chungu hicho hicho kwa mkaa kinamaliza sehemu kubwa ya kopo la 2,000. Huna haja ya kuamini maneno ya mtu: zima friji na pasi, soma uniti zilizobaki kwenye mita, pika, kisha soma tena.

Umeme uliopata jina baya ni wa jiko la koili la wati 2,000. Sufuria nyembamba yenye kitako kilichobonyea inagusa koili sehemu mbili tatu tu, joto lingine linaishia hewani. Saa mbili za maharage hapo zinaweza kula uniti 3 au zaidi, kama 1,000 na ushee. Aliyepima kwa jiko hilo hakusema uongo, ila alichopima kilikuwa koili na sufuria iliyo wazi.

Kwa hiyo kwa nyumba yako, presha kuka ipewe maharage, makande, nyama, ndizi na wali. Mizunguko miwili kwa siku ni kama uniti 1.2, mwezi uniti 36, sawa na 12,800. Ugali, chapati na kukaanga vibaki kwenye gesi, ambayo sasa haitafika mwezi. Tuseme mtungi mmoja na kidogo chini ya nusu ya mwingine, 34,000. Ukiacha mkaa wa Jumapili kwa ajili ya pilau na wageni, makopo 8, ni 16,000. Jumla 62,800 badala ya 92,000. Presha kuka ikiwa imenunuliwa kwa 180,000, inajilipa ndani ya miezi sita na siku chache.

Wanaoogopa umeme nao wana hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote ni ya daraja la D1, la wanaotumia umeme kidogo. Mwenye D1 analipa shilingi 122 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Akizidisha, kila uniti ya ziada inapanda hadi 427, na akizidisha mara kwa mara anahamishiwa T1. Chukua nyumba inayotumia uniti 50 kwa taa, friji na televisheni, inalipa 6,100. Ikiongeza uniti 36 za jikoni inafika 86. Mwezi wa kwanza haumii sana, nyongeza yote ni kama 7,750. Lakini ikihamishwa, zile uniti 50 za zamani nazo zinapanda hadi 17,800. Maana yake umeme wa kupikia umeleta gharama mbili: 12,800 yake yenyewe na 11,700 ya taa na friji. Hiyo 24,500 bado iko mbali chini ya 52,000 za mkaa unaoachwa, lakini anayeogopa mita yake ana sababu, na asiambiwe kwamba uniti ni shilingi 122 milele.

Ya pili ni mpangaji wa chumba kwenye mita moja na wenzake. Hapo mnagawana LUKU kwa vichwa, na mwenye presha kuka ataonekana mwizi hata akitumia uniti moja. Bila mita yake ndogo ya kupimia, mkaa na gesi vinamlinda na ugomvi. Na asiye na 24,000 leo atanunua mkaa wa 1,000, kwa sababu chakula hakingoji mshahara.

Umeme ukiwa mdogo jioni, volti 190 badala ya 230, ile wati 1,000 inashuka hadi karibu 680. Chakula kinachelewa, lakini uniti haziongezeki sana. Kinachopoteza uniti ni raba ya mfuniko iliyokaa vibaya. Ukiona mvuke unaendelea kutoka pembeni zaidi ya dakika tano tangu maji yachemke, presha haitajaa na chombo hakitajikata. Zima, subiri mvuke uishe, fungua, osha raba, ikandamize mzunguko mzima ndipo urudishe. Maharage yasipite nusu ya chungu, yanavimba na kuziba tundu la mvuke. Plagi ikiwa ya moto mkononi, acha kutumia ekstensheni hiyo nyembamba na uchomeke moja kwa moja ukutani.