Mpelekee fundi kiatu kabla chuma hakijagonga sakafu

Kwenye ofisi zenye vigae utaisikia kila asubuhi: ko, ko, ko, sauti kali ya chuma. Wengi hudhani ndivyo mchuchumio unavyolia. Sivyo. Kisigino chembamba kikiwa kizima hakipigi kelele hivyo, kwa sababu kinachogusa sakafu ni kipira, kile kipande kidogo cha raba au plastiki ngumu kilichopigiliwa kwenye ncha kwa pini ya chuma. Ukisikia chuma, kipira kimekwisha na unatembelea pini. Kwa maoni yangu hapo umeshachelewa, na kuchelewa huku ndiko kunakotupotezea viatu vingi ambavyo juu bado ni vizuri kabisa.

Sababu iko ndani ya kisigino chenyewe. Kisigino chembamba kwa kawaida ni plastiki iliyofunikwa ngozi au rangi, na katikati yake kuna bomba la chuma la kukipa nguvu. Pini ya kipira huingia kwenye tundu la bomba hilo na kushikwa kwa kubanwa tu. Kipira kikiisha, plastiki inaanza kulika, mara nyingi upande wa nyuma, na ile ngozi ya kufunikia inachanika na kujikunja kwenda juu. Fundi hawezi kuirudisha plastiki iliyolika. Atasaga ncha mpaka iwe bapa, kisha asage na ya kiatu cha pili ili vilingane. Akiondoa milimita 1 au 2 hutagundua. Akiondoa zaidi ya hapo sana, kiatu kinaanza kuegemea nyuma na ncha ya mbele inanyanyuka.

Chukua viatu vya dada yangu, vyeusi, vya ngozi, kisigino cha sentimita 7, mtumba wa Karume pale Ilala. Kipira cha kulia kilikuwa kimelika mshazari, cha kushoto bado kinafaa. Fundi alivibadilisha vyote viwili, na ninamuunga mkono: kipira kipya upande mmoja na cha zamani upande mwingine ni miguu miwili isiyolingana. Alikivuta cha zamani kwa koleo moja kwa moja, bila kukizungusha wala kukipinda pembeni, maana pini ikikatikia ndani kazi inakuwa kubwa. Halafu akajaribu pini mpya kwa mkono kabla ya kugonga. Hapa ndipo fundi mzuri anapojulikana. Pini nene kuliko tundu hupasua kisigino. Nyembamba mno inaingia kwa raha mbele yako, kisha kipira kinabaki kwenye tope au kati ya matofali ya barabarani. Inayofaa huingia nusu kwa kusukumwa, iliyobaki kwa nyundo. Mwisho akakata kingo za kipira kwa kisu na kuzilainisha kwa msasa zifuate umbo la kisigino.

Soli ya mbele ilikuwa ngozi, imeanza kuwa nyembamba lakini haijatoboka. Huo ndio wakati wa kubandika nusu soli. Ukisubiri tundu, maji yameshafika ndani na gundi haina pa kushika. Kazi yote iko kwenye maandalizi: soli ikauke kabisa, isuguliwe kwa msasa hadi mng'ao wote uondoke, gundi ipakwe pande zote mbili, kisha zisubiri dakika 10 hadi 15 mpaka ukigusa kwa kidole haikamati. Fundi mwenye haraka hubandika gundi ikiwa bado mbichi; wiki mbili baadaye ncha ya mbele inafunguka kama mdomo. Ni bora wewe na fundi mngoje gundi ikauke.

Jambo ninaloligombania zaidi ni unene wa raba ya nusu soli. Raba nene hudumu, kwa hiyo wateja wengi huiomba. Kwa kiatu bapa, sawa. Kwa mchuchumio, raba ya milimita 4 inainua mbele peke yake, na kisigino kinabaki kukanyagia ukingo wake wa nyuma. Kipira kipya kitalika mshazari upesi sana. Omba milimita 1 hadi 2, inayoishia nyuma kidogo ya pale mguu unapokunjika, isiingie kwenye upinde. Kisha viweke viatu juu ya meza bapa, uinamishe macho: kipira chote kinatakiwa kiguse. Kikigusa nyuma tu, mwambie fundi hapohapo, kabla hujalipa.

Na kuna viatu ambavyo sitavipeleka. Soli za povu ambazo zimekaa kabatini miaka mingi humeguka kama keki kavu. Ukizikwaruza kwa ukucha na unga ukatoka, gundi yoyote itaondoka na huo unga. Soli za plastiki laini nazo mara nyingi huikataa gundi ya kawaida ya ngozi, kwa hiyo muulize fundi kama anayo ya kufaa plastiki. Kama hana, badilisha kipira tu na soli uiache.