Ulimi Ukivunjika, Acha Kuongeza Unene

Wiki iliyopita boksi limerudi mezani kwangu likiwa limefungwa kwa mpira wa kubania noti. Ni boksi la kidhibiti joto cha mashine ya kutotolesha vifaranga, tulilichapa wenyewe kwa printa ya 3D kwa plastiki ya PLA, na mama mwenye kuku hakuwa na maneno mengi. Aliliweka mezani, akauvuta ule mpira kwa kidole mara moja kama mpiga zeze, akaniangalia.

Ndimi zote mbili za kifuniko, zile zinazokinasa kwenye boksi, zilikuwa zimekatika shinani.

Nikamuuliza mwenzangu aliyelichora. Akajibu kwa kujiamini kabisa: "Kaka, huu ni ulimi wa tatu. Wa kwanza ulikuwa milimita 2 ukavunjika, nikaweka 2.5 ukavunjika, sasa nimeweka 3." Hapo nikashusha pumzi. Yaani mgonjwa anazidi kuumwa na dozi ni ileile, tena inaongezwa. Kesho angeweka 4, keshokutwa tungeuza tofali lenye kifuniko.

Naelewa inakotoka akili hii. Mguu wa meza ukivunjika, unaweka mnene zaidi. Lakini mguu wa meza haujaombwa upinde. Ulimi wa kifuniko kazi yake ni kupinda: jino lake la nchani linapopita ukingoni mwa boksi, ulimi lazima urudi nyuma kiasi kilekile ambacho jino limechomoza, hata ungeuchora mnene kama gogo. Umbali huo haubadiliki. Kinachobadilika ni maumivu ya ngozi ya nje pale shinani, kwa sababu kitu kinene kikipindwa, ngozi yake huvutika zaidi kuliko ya kitu chembamba. Chukua rula ya plastiki na kipande cha bomba la maji, vipinde sawasawa, utaona kipi kinalia kwanza.

Hesabu yake ni mstari mmoja:

```
e = 3 * h * y / (2 * L^2)
```

`h` ni unene wa ulimi, `y` ni umbali wa kupinda, `L` ni urefu kutoka shinani hadi kwenye jino, na `e` ni kiasi ngozi inavyovutika. Boksi letu lilikuwa na ulimi wa milimita 8 na jino la milimita 1. Kwa unene wa 2, ngozi inavutika asilimia 4.7. Kwa 2.5, asilimia 5.9. Kwa 3, asilimia 7. Mimi ulimi wa PLA siuvushi asilimia 1.5, na kama kifuniko kitafunguliwa kila siku nabaki karibu na 1. Kwa hiyo kila alipoongeza unene alikuwa anaukaribisha mpasuko. Haya, nikubali kidogo: ulimi ukiwa mfupi na mnene hivyo, ukuta unaoushika nao hulegea, kwa hiyo ukweli si mbaya kama formula inavyosema. Lakini haukuwa mzuri pia. Mpira wa noti ni shahidi.

Sasa tazama pale chini ya mstari. Urefu uko mara mbili, yaani umejizidisha wenyewe. Ukipunguza unene nusu, mvuto unapungua nusu. Ukiongeza urefu mara mbili, mvuto unabaki robo. Nikachukua urefu wa 15 na unene wa 1.6, jino lilelile la milimita 1: asilimia 1.07. Sijabadilisha malighafi, sijaongeza hata gramu moja ya maana. Na 1.6 si namba ya ndotoni, ni mistari minne kamili ya plastiki inayotoka kwenye nozeli ya printa ya milimita 0.4, ili kusiwe na uwazi katikati ya ulimi. Pale shinani nikaweka mviringo wa milimita 0.8, kwa sababu kona kali ndiyo mahali ufa unapopenda kuzaliwa.

"Lakini boksi halina nafasi ya milimita 15." Lina kimo cha 22, ndugu yangu. Nafasi ipo, wewe uliuanzisha ulimi katikati ya ukuta.

Kulikuwa na kosa la pili, na hili nakiri hata mimi nimelifanya zaidi ya mara moja. Kifuniko kilichapwa kikiwa kimelala, ndimi zimesimama wima juu yake, kwa hiyo tabaka ambazo printa hupanga moja juu ya nyingine zinaukata ulimi kama vipande vya mkate. Hapo hata hesabu ikiwa safi, tabaka zitaachana. Ukitaka kujua kosa lipi lilikuua, angalia jeraha. Likiwa laini na limenyooka kama limekatwa kwa wembe, ni tabaka. Likiwa limechanika ovyo na kuna weupe upande wa nje, umeuvuta kupita kiasi. Letu, tuseme tu, lilikuwa na yote mawili.

Dawa yangu: ndimi zichapwe peke yake, zikiwa zimelala ubavu, halafu zisukumwe kwenye mfereji wa kifuniko. Tabaka zinakwenda na urefu, mteremko wa jino unachorwa na nozeli yenyewe badala ya ngazi za tabaka, na ulimi ukivunjika unachapa mwingine bila kugusa boksi.

Mteremko wa kuingilia watu wanaukadiria kwa macho, na hapo ndipo mteja anaponuna. Kwa ulimi huu, ukiwa wa PETG, plastiki niliyochagua kwa boksi jipya, wenye upana wa milimita 6, na msuguano wa 0.4 nilioukadiria kwa plastiki yenye mistari, mteremko wa nyuzi 30 unadai msukumo wa kama nusu kilo kwa kila ulimi. Nyuzi 45 zinadai karibu mara mbili ya hapo. Nyuzi 60 zinadai kilo 2.5, na ndimi ziko mbili. Mama wa watu anafunga kifuniko kwa kiganja huku anasali. Wekeni 30, basi.

Upande wa kushikilia ni hesabu ileile ikirudi nyuma, ila kuna mpaka wa kuukumbuka. Kwa msuguano huohuo, uso wa jino ukipita nyuzi 68 hivi, hakuna nguvu ya kuvuta itakayoufungua: ama unaubonyeza ulimi kwa kidole, ama unavunja kitu. Mwenzangu alikuwa ameweka 90, bila tundu la kubonyezea. Kwenye boksi lenye fyuzi inayobadilishwa! Nimeweka 45. Ndiyo, likianguka vibaya linaweza kufunguka, na anayetaka lishike zaidi ya hapo atumie skrubu, sina ugomvi naye.

Nikaacha pia uwazi wa milimita 0.2 kati ya jino na dirisha lake, yaani tundu linamonasa, ili kifuniko kikishafungwa ulimi ukae umetulia. Plastiki inayokaa imepindwa siku nzima, tena ubavuni mwa mashine yenye joto, husahau umbo lake.

Boksi jipya limetoka kwa PETG. Mama alilifungua na kulifunga mara sita palepale mezani, akauliza ule mpira wake uko wapi, nikamrudishia.

Nyumbani rimoti ya runinga bado imefungwa selotepu mgongoni, kama ya kwenu. Mke wangu ameshasikia habari za boksi la kuku na sasa anauliza lini. Nimeipima mara mbili: nafasi ya ulimi ni milimita 5.