Kilele kimoja hakitoshi kupima fuwele

Kuna sentensi ninayokutana nayo karibu kila ninapopitia rasimu za tasnifu za kemia na fizikia ya vitu yabisi: "Ukubwa wa fuwele ulikokotolewa kwa fomula ya Scherrer na kupatikana kuwa nanomita 18.27." Chini yake pana picha ya kilele kimoja cha eksirei zilizotawanywa na unga wa fuwele hizo, kile kirefu kuliko vyote, basi. Maoni yangu ni kwamba sentensi hiyo isingepaswa kupita. Fomula haina kosa lolote. Kasoro ni kwamba kilele kimoja hakiwezi kujibu swali linaloulizwa.

Fomula yenyewe, aliyoitoa Paul Scherrer mwaka 1918, ni fupi: D = Kλ/(β cos θ). Hapo λ ni urefu wa wimbi la eksirei, β ni upana wa kilele kwa radiani, θ ni nusu ya pembe inayosomwa kwenye mashine, na K ni namba iliyo karibu na 0.9. Fuwele ikiwa ndogo huwa na tabaka chache za atomi, kwa hiyo mawimbi yaliyopishana kidogo na pembe sahihi hayafutani kabisa, na kilele kinatanuka. Hadi hapo hakuna ugomvi.

Ugomvi unaanza kwa sababu kilele kinaweza kutanuka hata fuwele zikiwa kubwa. Latisi iliyopotoka, kwa mfano ya unga uliosagwa kwenye kinu cha mipira, haina nafasi moja kati ya tabaka na tabaka: hapa zimebanana kidogo, pale zimeachana kidogo. Kila nafasi ina pembe yake ya Bragg, ile ambapo mawimbi kutoka tabaka zote huimarishana, na pembe hizo zikijumlishwa zinatoa kilele kipana. Ukitazama kilele kimoja huwezi kujua ni kiasi gani cha upana kimetokana na udogo na kiasi gani na mpotoko. Kinachotusaidia ni kwamba visababishi hivi viwili havikui sawa pembe inapoongezeka. Udogo hutanua kwa kadiri ya 1/cos θ, mpotoko hutanua kwa kadiri ya tan θ. Juu ya wazo hilo Williamson na Hall walijenga njia yao mwaka 1953: unachora β cos θ dhidi ya 4 sin θ. Mteremko wa mstari ni mpotoko ε, na mahali mstari unapokata mhimili wa wima ni Kλ/D.

Tuchukue mfano wa kukokotoa kwa mkono: unga wa CeO2, mashine yenye anodi ya shaba, λ = 0.15406 nm. Nachagua vilele 111 (karibu na 28.5°) na 222 (karibu na 59.1°) kwa makusudi, kwa kuwa vyote viwili vinatazama mwelekeo uleule ndani ya fuwele. CeO2 haina ugumu sawa kila upande, na ukichanganya pande tofauti alama zako kwenye grafu hutawanyika kwa sababu isiyohusiana na ukubwa. Gharama yake ni kwamba 222 ni hafifu, chini ya sehemu moja ya kumi ya 111, hivyo lazima uipe mashine muda wa kuhesabu.

Tuseme upana kwenye nusu ya kimo ni 0.528° kwa 111 na 0.784° kwa 222. Sampuli ya LaB6 isiyo na udogo wala mpotoko wa maana inaonyesha kwamba mashine yenyewe inachangia 0.080° na 0.090°. Nikichukulia umbo la vilele ni la Lorentz, upana hutolewa moja kwa moja, zinabaki 0.448° na 0.694°. Kwa Scherrer, 111 inanipa nanomita 18.3 na 222 inanipa 13.2. Unga mmoja, ukubwa miwili! Tofauti hiyo peke yake inatosha kukuambia kwamba kuna jambo jingine ndani ya upana. Nikizichora kwa Williamson na Hall, mteremko ni 0.0030 na ukubwa ni nanomita 30. Mwandishi wa ile 18.27 angekuwa amepunguza fuwele zake kwa zaidi ya theluthi.

Sasa sehemu ambayo wengi huiruka. Nikichukulia vilele ni vya Gauss badala ya Lorentz, upana hutolewa kwa miraba, na hata mlinganyo wa mstari hubadilika kuwa wa miraba. Data ileile, vilele vilevile, ila sasa napata nanomita 18 na mpotoko 0.0046. Kwa hiyo njia hii nayo haina kauli ya mwisho ukiificha dhana ya umbo. Umbo lenyewe linapimika: gawanya upana wa nusu ya kimo kwa upana wa eneo, yaani eneo la kilele lililogawanywa kwa kimo chake. Gauss hutoa karibu 0.94, Lorentz karibu 0.64. Vilele vingi halisi huangukia katikati, na hapo ni heri kutumia programu inayotenganisha sehemu mbili za umbo, kuliko kuchagua upande kwa mazoea. Wanaoandika "tulitumia Williamson-Hall" bila kusema umbo gani wameacha nje nusu ya matokeo yao.

Mtego mwingine ni wa shaba yenyewe. Anodi hutoa mawimbi mawili yanayokaribiana, Kα1 na Kα2, na umbali kati ya vilele vyao hukua kwa tan θ, sawasawa na mpotoko. Kwa CeO2 ni karibu 0.07° kwenye 111 na 0.16° kwenye 222. Usipoitenganisha Kα2 kwa kuiweka ndani ya modeli ya kilele, grafu itakupa mpotoko ambao haumo kwenye unga, na hakuna alama itakayokaa vibaya kukushtua.

Nina neno pia kuhusu tarakimu. Tukikosea upana kwa 0.01° tu kwenye kila kilele, kimoja juu na kingine chini, ile 30 inaweza kuwa 27 au 34. Ndiyo maana 30.04 hainishawishi. Andika 30 ± 4, na useme K uliyotumia. Useme pia kwamba huo ni wastani wenye uzito wa ujazo, ambao huzipa sauti fuwele kubwa. Msomaji akiulinganisha na kipenyo alichohesabu kwenye picha za hadubini ya elektroni, hapaswi kutarajia zilingane. Chembe moja kwenye picha inaweza kuwa na fuwele kadhaa ndani yake.

Ukiwa na muda, rudia yote kwa jozi ya 200 na 400. Ukubwa ukitofautiana sana na ule wa 111, fuwele zako huenda si za mviringo, au mpotoko una mwelekeo, na wastani mmoja hautoshi kueleza unga huo. Ukiona 111 na 222 zinatoa ukubwa uleule kwa Scherrer baada ya kuondoa mchango wa mashine, mstari umelala, mpotoko haupo wa kupimika, na fomula ya 1918 inakutosha.