Spaiki haianzi mkononi

Pita kando ya uwanja wa voliboli wa shule jioni, mchezaji anaporuka kupiga spaiki, lile pigo la kuushindilia mpira chini upande wa wapinzani, hukosi kumsikia kocha akipaza sauti: "Tia nguvu mkononi!" Mimi nalipinga agizo hilo. Mchezaji anayelitii hukaza bega, na bega lililokazwa haliwezi kwenda kasi. Mkono ndio wa mwisho kupokea nguvu iliyokwisha tengenezwa kwingine.

Asiyeamini ajaribu. Kaa chini, nyoosha miguu mbele, urushe mpira kwa mkono mmoja kadiri uwezavyo. Kisha simama, piga hatua tatu, urushe tena. Mkono ni uleule, lakini mpira wa pili utaenda mbali zaidi.

Nilikuwa na binti mmoja kambini, mrefu wa mita 1.74, mwenye mabega mapana. Wavu wa wanawake ni mita 2.24, kwa hiyo kimo hakikuwa tatizo lake. Hata hivyo spaiki zake ziliishia wavuni, na zile zilizovuka zilipokelewa kirahisi. Alikuwa akipiga pushapu kila asubuhi ili mkono upate nguvu. Nilimrekodi kwa simu, tukaitazama video polepole pamoja. "Kochi, mbona miguu yangu iko hivyo?" aliuliza mwenyewe.

Anapiga kwa mkono wa kulia, lakini alikuwa akimaliza mbio zake kwa mguu wa kulia uliotangulia mbele. Nyonga ya kulia ilikuwa imeshafika wavuni kabla hajaruka, hivyo kiwiliwili hakikuwa na mzunguko wowote uliobaki. Mlango uliokwisha fungwa huwezi kuubamiza.

Kwa anayetumia mkono wa kulia, hatua ni kushoto, kulia, kushoto. Ya kwanza ni fupi na ya utulivu, ya kuusoma mpira tu. Ya pili ndiyo yenye kazi: ni ndefu, mwili unashuka, kisigino kinatangulia kugusa chini na kufunga breki, na mikono yote miwili imetupwa nyuma. Breki hiyo ndiyo inayogeuza kasi ya kwenda mbele iwe ya kwenda juu. Mguu wa kushoto unafuata upesi, unatua mbele kidogo ya wa kulia, vidole vya miguu vikielekea upande wa kulia, na mikono inapanda kwa nguvu pamoja na mruko. Hata ukifumba macho unaweza kujua kama imekuwa sawa: hatua mbili za mwisho husikika karibu pamoja, ta-ta. Ukisikia ta… ta, kasi imemwagika ardhini.

Sasa mpigaji yuko hewani, na hapa ndipo penye siri. Hewani hakuna cha kukanyaga. Ukizungusha sehemu moja ya mwili kwenda mbele, nyingine lazima iujibu mzunguko huo. Ndiyo maana mpigaji mzuri anapojipinda kama upinde, kifua kimefunguka na mkono wa kulia uko nyuma, magoti nayo hukunjika na visigino kwenda nyuma. Anapopiga, miguu inarudi mbele wakati kifua kinashuka, na mkono wa kushoto unavutwa chini kuelekea tumboni. Mtazame miguu: ikining'inia tu kama nguo kwenye kamba, jua kiwiliwili hakikufanya kazi na bega linabeba mzigo wote peke yake. Bega la namna hiyo halichelewi kuuma.

Upinde wenyewe utoke kwenye nyonga na sehemu ya juu ya mgongo. Anayejikunja kiunoni tu atalalamika mgongo kabla msimu haujaisha.

Kisha unakuja mjeledi. Nyonga inageuka kwanza, kifua kinafuata, kisha bega, kiwiko, na mwisho kiganja. Kila kiungo kinapopunguza mwendo, kinachofuata kinaipokea kasi hiyo na kuizidisha, kwa sababu ni chepesi zaidi. Kiwiko kibaki juu, usawa wa bega au zaidi, na kiganja kilegee hadi dakika ya mwisho. Kiganja kinachoufunika mpira kwa juu huupa msokoto wa kuushusha ndani ya zile mita 9 za wapinzani.

Miguu ya yule binti ilinyooka baada ya wiki tatu hivi, na mpira wake ukaanza kulia mikononi mwa walinzi. Kiwiko kiliendelea kushuka siku nyingine. Nilipoirudia video niliona kwamba alikuwa anawahi mno, anajikuta chini ya mpira, kisha anaupiga ukiwa nyuma ya kichwa, mahali ambapo upinde hauna faida. Nikamwambia asubiri, asianze hatua ya pili kabla mpira haujatoka mikononi mwa seta, yule anayempandishia mpira.