Namba ya kwenye begi isiwe yako

Shangazi yangu alishuka bandari ya Malindi, Unguja, na boti ya Pemba akiwa na begi ambalo si lake. Lake lilikuwa jeusi, limefungwa utepe wa buluu kwenye mkono, na siku ile mabegi meusi yenye utepe yalikuwa mengi kuliko abiria wenye macho mazuri. Aligundua alipofika nyumbani Fuoni, akafungua zipu akakuta nguo za watoto.

Begi lake lilikuwa na lebo. Aliiandika mwenyewe kwa mwandiko mzuri wa skuli: majina yake matatu, mtaa, nyumba iliyo karibu na msikiti gani, na namba yake ya simu. Waliolichukua walikuwa watu wema wa Mwanakwerekwe. Wakaona namba, wakapiga. Simu ikalia ndani ya begi.

Shangazi alikuwa ameitia simu kwenye mfuko wa pembeni asije akaidondosha wakati wa kushuka. Kilichotuokoa ni kwamba ni kitochi, hakina nywila. Yule mama wa Mwanakwerekwe alikitoa, akabonyeza namba iliyopigwa mwisho, nayo ilikuwa yangu. "Asalaam aleikum mwanangu, mimi nna begi la mtu wako." Baada ya Magharibi tukabadilishana mabegi. Ingekuwa simu ya kisasa iliyofungwa kwa alama ya kidole, lebo ile isingesaidia kitu.

Tangu hapo nimekuwa na msimamo mmoja, na ninauambia kila anayesafiri nyumbani kwetu: namba ya kwenye begi isiwe ya msafiri. Iwe ya mtu anayebaki. Msafiri ndiye ambaye simu yake huzima chaji, hukosa mtandao katikati ya bahari, au hupotea pamoja na mzigo. Anayekwenda umra ana tatizo zaidi, kwani akifika Jedda laini ya huku mara nyingi haipatikani, na yeye ameshanunua ya kule ambayo haikuwa kwenye lebo alipoondoka. Huyo aandikiwe namba mbili, ya nyumbani na ya kiongozi wa msafara wake.

Bin ami yangu hakubaliani nami. Yeye anasema usiandike namba yoyote, kwa sababu siku hizi namba ni kama kumpa mtu kitambulisho chako. Sehemu ya maneno yake ni kweli, na jambo la pili lililompata shangazi linaonesha hivyo. Wiki moja baadaye, begi likiwa limeshawekwa chini ya kitanda, mtu alimpigia akamtaja kwa majina yote matatu: begi lako limeonekana bandarini, tuma elfu kumi na tano ya kulihifadhi ndipo tukupe. Alikuwa amesoma lebo tu mahala fulani njiani. Shangazi hakutuma, lakini siku mbili alikuwa hapokei simu ya mtu yeyote asiyemjua, na mlango anaukomea mchana.

Hata asingeandika jina, lingepatikana. Yeyote anayetumia pesa za simu anajua kwamba ukitia namba ya mtu na kiasi, unaoneshwa jina lililosajiliwa kabla hujakamilisha muamala. Jaribu kwa simu ya mtu mwengine: anza kutuma shilingi elfu moja kwenda namba yako, soma jina linalotokea, kisha ghairi. Hicho ndicho anachokiona kila anayeokota begi lako. Akiihifadhi namba hiyo kwenye simu yake huenda akaona na picha yako ya WhatsApp, kama hukuweka ionekane kwa watu uliowahifadhi tu.

Wengine hukimbilia kununua laini ya pili kwa ajili ya lebo. Mimi siipendi njia hiyo. Laini ambayo haitumiki hukaa kwenye droo, kampuni huifunga baada ya muda, kisha namba hiyo hupewa mtu mwengine. Begi linapopotea, simu inapokewa na mgeni asiyejua chochote. Laini ya pili inafaa tu kama iko ndani ya simu unayoishika kila siku na unaitia salio.

Kwa hiyo kwenye begi la shangazi sasa kuna namba ya binti yake anayefanya kazi dukani na hupokea simu za watu asiowajua kutwa nzima. Tulimwomba ruhusa kwanza, kwa kuwa jina litakaloonekana ni lake. Tukampa na maelezo: begi jeusi, utepe wa buluu, boti ya saa ngapi. Ndugu asiyeambiwa atajibu "umekosea namba" na kukata.

Lebo ya nnje ina maneno machache: "Ukiliona tafadhali piga", halafu namba ikianzia na +255 bila ile sifuri ya mwanzo, ili hata aliye nje ya nchi aweze kuipiga. Jina ni "Bi Mkubwa" tu. Mtaa hatukuandika. Lebo yenye anwani humwambia msomaji kwamba mwenye nyumba ile yuko safarini. Tumeandika kwa maka peni, tukafunika kwa seloteipu pande zote, maana maji ya chumvi hufuta kalamu ya kawaida kabla hamjafika.

Ndani ya begi, juu kabisa ya nguo, kuna karatasi ya pili yenye namba ile ile na neno moja ambalo nnje halipo. Karatasi hii ina kazi mbili. Lebo ya nnje ikikatika, ya ndani inabaki. Na mtu akipiga kusema ameliona begi, binti anamwomba afungue zipu amsomee lile neno. Aliyesoma lebo ya nnje tu hawezi. Mwenye begi mkononi anaweza kwa nusu dakika. Asante ya pesa ipo na ni haki yake, lakini hutolewa tunapokutana.

Kuna ombi moja la kulikataa hapo hapo. Akikwambia "nimekutumia namba sita kwenye simu, nitajie nihakikishe ni wewe", kata. Namba hizo sita ndizo zinazomwezesha kufungua WhatsApp yako kwenye simu yake. Aliyeokota begi hazihitaji kwa lolote.

Paka ni mambo mepesi zaidi. Paka wa Mji Mkongwe hapandi boti, anazurura vichochoro vya karibu, kwa hiyo kwenye kidani chake namba ya nyumbani inayoanza na sifuri inatosha. Jina lake usiliandike. Anayesema amempata mwombe akutajie alama isiyo kwenye kidani, kama sikio lililokatika. Kwenye funguo ndiyo nakuwa mkali: namba pekee, wala jina la mtaa lisiwepo, kwani ufunguo wenye anwani umeshakuwa mlango ulio wazi.

Usiku wa kuamkia safari tunaiweka lebo mezani na kumwita mtoto wa jirani. Anaisoma namba kwa sauti na kuipiga kwa simu yake, tarakimu moja moja kama ilivyoandikwa. Mara ya mwisho alisoma moja badala ya saba, na simu ikapokewa na mtu wa Wete aliyekuwa anakula. Tukamwomba radhi, tukaandika lebo upya.