"Elimu itolewe" si pendekezo

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili aliniletea sura ya tano ya tasnifu yake, ile ya hitimisho na mapendekezo, hapa nyumbani Mwanga, Kigoma. Utafiti wake unahusu ukaushaji wa dagaa katika mwalo wa Kibirizi, na kazi ya uwandani aliifanya vizuri. Kwenye mapendekezo nikakuta haya: "Wakaushaji watumie vichanja badala ya kuanika mchangani. Serikali itoe elimu ya matumizi ya vichanja."

Nikarudi sura ya nne. Matokeo yake ya kwanza ni kwamba akina mama wengi huanika mchangani. Kwa hiyo pendekezo la kwanza ni matokeo yaleyale yaliyogeuzwa: wanaanika chini, basi wasianike chini. La pili ni baya zaidi, kwa sababu linapingana na data zake mwenyewe. Karibu wote aliowahoji walimweleza kuwa dagaa wa kichanjani hawana mchanga na hukauka haraka, maana hewa hupita juu na chini. Elimu wanayo.

"Sasa mbona hawajengi?" nikamuuliza.

Akafungua daftari la uwandani. "Eneo si lao, mwalimu. Wanakodi kwa msimu. Mama mmoja aliniambia, nikichimbia nguzo leo, kesho anapewa mwingine."

Maneno hayo yamo mwishoni mwa sura ya nne, lakini sura ya tano haikuyagusa kabisa.

Hitimisho lilipaswa kuyaokota. Watu wengi hulifanya kuwa muhtasari, wakati kazi yake ni kusema matokeo yakiwekwa pamoja yana maana gani. Tukaandika: "Kinachozuia vichanja katika mwalo huu si kutojua, ni kukosa uhakika wa eneo." Sentensi hiyo haipo sura ya nne, ila kila kinachoishikilia kipo. Baada yake pendekezo likaja lenyewe: wanaokodisha maeneo ya kuanikia watoe mikataba ya maandishi ya zaidi ya msimu mmoja, au wajenge vichanja na kuvikodisha pamoja na eneo. Hapo kuna mtendaji, kuna tendo, na sababu inaonekana.

Kipimo changu ni kimoja: je, pendekezo hili lingeweza kuandikwa siku moja kabla ya kwenda uwandani? "Elimu itolewe" lingeweza. Hilo la mikataba lisingeweza.

Alitaka kuwashauri wakaushaji wa Ziwa Tanganyika nzima. Nilimkatalia. Ziwa hilo ni la nchi nne, naye alihoji mwalo mmoja. Tena hakupima kama mwenye mkataba hujenga kweli. Alisikia tu sababu ya wasiojenga. Swali hilo tulilihamishia kwenye mapendekezo ya utafiti zaidi: walinganishwe wanaomiliki maeneo yao na wanaokodi.

Mapendekezo yalikuwa tisa, yamebaki matatu. La tatu, la kuezeka vichanja kwa ajili ya masika, nimemrudishia atafute aya ya sura ya nne inayolibeba. Asipoipata, nalo litoke.